Waamuzi wameipenda, mibofyo imeshuka

Tuseme una mfumo wa kutafuta makala za msaada. Mtu ana shida na akaunti yake, anaandika maneno mawili matatu, mfumo unamletea orodha. Timu yako imetengeneza algoritimu mpya ya kupanga matokeo. Kabla ya kuiachia mliwapa kazi waamuzi, yaani watu wanaolipwa kusoma matokeo na kuyapa alama, nao wakasema orodha mpya ni bora, tena kwa mbali. Mkawafungulia nusu ya watumiaji kwa wiki mbili, nusu nyingine wakabaki na ya zamani. Matokeo ya jaribio yanasomeka hivi: katika kila utafutaji 1,000, orodha ya zamani ilipata mibofyo 940. Mpya imepata 610.

Hapo ndipo mkutano unapoanza kuchemka. Mmoja atasema waamuzi wamekaa ofisini, hawajui watu wanataka nini. Mwingine atasema mibofyo ni kelele tupu. Mimi nimekaa kwenye mikutano ya namna hii mara nyingi kiasi cha kujua kwamba kwa kawaida hakuna aliyefungua utafutaji hata mmoja na kuutazama kwa macho. Basi tuufungue mmoja. Namba zote za mfano huu nimezitunga mwenyewe, ila mambo yenyewe hutokea hivyo hivyo.

Mtu ameandika "kubadilisha nenosiri". Waamuzi wanatumia alama 0 hadi 3: 3 ni makala inayomaliza shida yenyewe, 0 ni isiyohusika kabisa. Orodha ya zamani ilikuwa na makala tano za juu zenye alama 1, 3, 0, 2, 0. Ya kwanza ilikuwa makala ya kuchagua nenosiri imara: inagusa mada, lakini haisemi ubonyeze wapi. Ya pili ndiyo yenyewe. Ya nne ni ya waliosahau nenosiri. Orodha mpya imezipanga 3, 2, 1, 0, 0.

Kugeuza alama hizo kuwa namba moja, wengi wanatumia kipimo kinachoitwa nDCG, kilichoelezwa na Järvelin na Kekäläinen wa Finland mwaka 2002. Wazo lake ni jepesi. Kila makala inahesabiwa alama yake, lakini kadiri inavyokaa chini ndivyo alama hiyo inavyopunguzwa, kwa sababu wanaofika huko ni wachache. Aliye nafasi ya kwanza anagawanywa kwa 1, wa pili kwa 1.585, wa tatu kwa 2, wa nne kwa 2.322:

```
zamani: 1/1 + 3/1.585 + 0/2 + 2/2.322 = 3.754
mpya:   3/1 + 2/1.585 + 1/2           = 4.762
```

Ukigawanya kila jumla kwa ile ya mpangilio bora kabisa unaowezekana, ambao hapa ni huo mpya wenyewe, ya zamani inapata 0.79 na mpya inapata 1. Waamuzi hawakukosea kufurahi.

Sasa twende kwenye mibofyo. Katika orodha ya zamani, utafutaji 700 kati ya 1,000 ulipata angalau mbofyo mmoja, na mingine 240 ilikuwa mibofyo ya ziada. Hiyo ya ziada ilitoka wapi? Mtu anabofya tokeo la kwanza kwa sababu ni la kwanza. Anasoma sekunde chache, anaona anafundishwa kuweka herufi kubwa na tarakimu, anarudi, anabofya la pili. Haja ilikuwa moja, mibofyo miwili, na ule wa kwanza ulikuwa usumbufu. Katika orodha mpya utafutaji wenye mbofyo ni 560, na mibofyo ya ziada imebaki 50. Kwa hiyo ile 190 iliyopotea kwenye mibofyo ya ziada ni nenda-rudi iliyokwisha. Hakuna wa kuililia.

Lakini zimebaki tafutizi 140 ambazo zamani zilikuwa na mbofyo na sasa hazina. Hizo ndizo za kutia shaka, kwa sababu mtu asiyebofya chochote anaweza kuwa amekata tamaa. Angalia basi alichofanya baadaye. Katika orodha ya zamani tafutizi 300 hazikuwa na mbofyo, na katika 180 kati ya hizo mtu aliandika maneno mengine ndani ya dakika mbili, dalili ya wazi kwamba hakuridhika. Katika orodha mpya zisizo na mbofyo ni 440, na waliojaribu maneno mengine ni 95 tu. Wengine waliondoka kimya. Ukifungua ukurasa unaona sababu: dondoo iliyo chini ya kichwa cha tokeo la kwanza inasomeka "Fungua Mipangilio, kisha Usalama, kisha Badilisha nenosiri". Mtu akishaisoma hiyo, abofye ya nini? Na kwa bahati nzuri mfumo huu una ushahidi wa kumaliza ubishi, kwa sababu kumbukumbu za akaunti zinaonyesha nani kweli alibadilisha nenosiri ndani ya dakika kumi: 520 katika kila tafutizi 1,000 za nenosiri kwa orodha ya zamani, 640 kwa mpya.

Kimya cha namna hii, cha mtu aliyeridhika, si jambo geni. Mwaka 2009 watafiti watatu wa Google, Li, Huffman na Tokuda, walikiandikia makala nzima: mtu anaondoka bila kubofya kwa sababu jibu tayari liko kwenye ukurasa wa matokeo. Ila usiligeuze jambo hili kuwa kisingizio cha kila anguko la mibofyo. Bila ushahidi wa pili, ama wa maneno yaliyoandikwa upya, ama wa kitendo kilichokamilika, kimya cha aliyeridhika na cha aliyechoka vinafanana kama mapacha kwenye jedwali.

Kioja kinachojulikana zaidi katika fani hii kilienda upande wa pili. Ron Kohavi na wenzake wa Microsoft walisimulia mwaka 2012 kwamba jaribio moja la kitafutio chao, Bing, lilikuwa na hitilafu, na kwa hitilafu hiyo watumiaji wakaonyeshwa matokeo mabaya sana. Idadi ya tafutizi kwa kila mtumiaji ikapanda kwa zaidi ya asilimia 10, na mapato kwa kila mtumiaji yakapanda kwa zaidi ya asilimia 30. Ukifikiri kidogo unaelewa: matokeo yakiwa mabovu, watu wanalazimika kutafuta tena na tena, na matangazo yaliyo pembeni yanaanza kuonekana ya maana kuliko matokeo yenyewe. Aliyesoma namba hizo mbili peke yake angeitoa hitilafu ile kwa watumiaji wote na kuidai bonasi. Wao walihitimisha kwamba kinachofaa kuhesabiwa ni mara ngapi mtu anarudi, yaani vipindi vya utafutaji kwa kila mtumiaji, huku tafutizi ndani ya kipindi kimoja zikitakiwa zipungue. Tatizo ni kwamba kipimo hicho ni kizito kusogea. Maboresho mengi ya kweli hayakitikisi kabisa katika wiki mbili za jaribio.

Mbofyo unajibu swali gani

Mwaka 2005 Thorsten Joachims na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha utafiti ambao kila anayegusa namba za mibofyo angepaswa kuujua. Waliwakalisha wanafunzi mbele ya matokeo ya Google huku kamera ikifuatilia macho yao. Kwa baadhi yao, bila kuwaambia, walibadilishana nafasi matokeo mawili ya juu, la pili likawa la kwanza na la kwanza likawa la pili. Wanafunzi waliendelea kulibofya zaidi lile lililokaa juu, hata pale ambapo lililoshushwa ndilo lililofaa zaidi. Yaani sehemu ya mbofyo ni imani kwa aliyepanga orodha.

Kwa hiyo mbofyo hausemi "makala hii inafaa". Unasema kwamba kati ya vilivyoonyeshwa, katika nafasi zile, kwa vichwa na dondoo zile, hiki kilivuta. Mwamuzi anajibu swali jingine kabisa: makala hii, ikisomwa yote, inamaliza haja ambayo mimi nadhani mtafutaji alikuwa nayo? Mbofyo unakuja kabla makala haijasomwa, alama inatolewa baada ya kusomwa. Kichwa cha kutega kinashinda kwenye mibofyo na kuanguka kwa waamuzi. Makala nzuri yenye kichwa kilichopooza inafanya kinyume chake.

Hao hao wa Cornell walionyesha njia ya kuitumia mibofyo bila kudanganyika. Kama mtu amebofya tokeo la tatu na kuyaruka mawili ya juu, hapo ana neno la kusema, maana macho husoma kutoka juu na mbofyo umeshinda mvuto wa nafasi. Mibofyo ikisomwa kama upendeleo kati ya hiki na kile inaaminika kwa kiasi kizuri. Ikisomwa kama kiwango kinachosimama peke yake, inayumba.

Kuwapambanisha katika orodha moja

Wazo la upendeleo ndilo lililozaa jaribio ninaloliona kuwa la busara zaidi kwa kupima mpangilio: kuchanganya orodha. Badala ya kuwapa watu hawa orodha ya zamani na wale mpya, kila mtu anapewa orodha moja iliyosukwa kutoka zote mbili, bila yeye kujua. Ni kama watoto wanavyogawana wachezaji wa mpira. Manahodha wawili wanarusha sarafu, mshindi anachagua kwanza, mwenzake anafuata. Raundi inayofuata sarafu inarushwa tena. Mchezaji aliyekwisha kuchukuliwa hachukuliwi mara ya pili.

Tuseme orodha ya zamani ni J, K, L, M na mpya ni K, P, J, R. Sarafu inaipa ya zamani nafasi ya kuanza: inachukua J, mpya inachukua K. Raundi ya pili mpya ndiyo inaanza: inachukua P. Ya zamani inatazama orodha yake, J na K zimeshakwenda, inachukua L. Mtumiaji anaona J, K, P, L. Akibofya K na P, mpya imepata bao mbili kwa sifuri. Ukirudia hivyo kwa maelfu ya tafutizi, unahesabu ni mara ngapi kila upande umeshinda. Upendeleo wa nafasi bado upo, lakini sarafu imeugawa sawa kwa pande zote mbili, na mtumiaji mwenye tabia ya kubofya kila kitu hawezi kuibeba timu moja.

Radlinski, Kurup na Joachims waliupima utaratibu huu mwaka 2008 kwenye kitafutio cha arXiv, maktaba ya mtandaoni ya makala za kisayansi. Waliharibu mpangilio kwa makusudi kwa viwango tofauti, ili wajue mapema ipi ni nzuri na ipi ni mbovu, kisha wakatazama vipimo vipi vitaigundua tofauti. Vipimo vya kawaida, kama mibofyo kwa kila utafutaji na tafutizi zisizo na mbofyo, havikuweza kuzipanga orodha hizo kwa uhakika. Kuchanganya kuliweza.

Faida yake inaonekana hasa pale watumiaji wanapokuwa haba. Katika jaribio la kugawa makundi mawili, kama utafutaji wenye mbofyo ni asilimia 40 na unataka kugundua badiliko la kutoka asilimia 40 hadi 40.4, kanuni ya haraka inasema hivi:

```
n = 16 × p(1−p) / d²
  = 16 × 0.4 × 0.6 / 0.004²
  = 240,000
```

Yaani 240,000 kwa kila kundi, na hapo umejifanya kila utafutaji unajitegemea. Haujitegemei. Mtu mmoja aliyetafuta mara thelathini si watu thelathini, na ukimhesabu hivyo utaona tofauti ambazo hazipo. Gawa makundi kwa mtumiaji, na hesabu mtawanyiko kwa mtumiaji. Kuchanganya orodha kunahitaji sehemu ndogo tu ya idadi hiyo, kwa kuwa kila mtu analinganisha pande zote mbili yeye mwenyewe.

Mipaka yake nayo ni ya kweli. Kunapima mpangilio tu. Dondoo iliyotuletea kimya cha wale walioondoka bila kubofya haiwezi kupimwa hivi, kwa sababu dondoo inayojibu swali ingenyima upande wake mibofyo na kuufanya ushindwe. Halafu kichwa cha kutega kinashinda humu pia. Kwa hayo bado tunamhitaji mtu wa kusoma.

Mwamuzi naye ana kengeza lake

Kupima kwa waamuzi kuna umri mkubwa kuliko mtandao. Cyril Cleverdon alikuwa akifanya hivyo huko Cranfield, Uingereza, katika miaka ya 1960, na mkusanyiko uliobaki kutoka kazi ile una nyaraka 1,400 na maswali 225 kuhusu aerodinamiki, elimu ya hewa inavyopita kwenye vyombo vinavyoruka. Kwa ukubwa huo unaweza kuamua kila swali kwa kila waraka. Kwa nyaraka milioni haiwezekani, ndiyo maana mashindano ya TREC, yaliyoanzishwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 1992, yakategemea kikapu: chukua matokeo ya juu ya kila mfumo unaoshiriki, yachanganye, waamuzi wayapitie hayo tu. Kisichoingia kikapuni kinahesabiwa hakifai.

Mtu wa kwanza atakayeuliza "kwani waamuzi wenyewe wanakubaliana?" ana hoja. Ellen Voorhees wa NIST alilipima mwaka 1998. Ukichukua nyaraka ambazo mwamuzi mmoja au mwenzake amesema zinafaa, zile walizokubaliana wote wawili zilikuwa kati ya asilimia 40 na 50 tu. Inatisha, mpaka uone nusu ya pili ya matokeo: ukibadilisha waamuzi, alama za mifumo zinapanda na kushuka, lakini nani wa kwanza na nani wa mwisho karibu hakubadiliki. Ukali wa mwamuzi unawaangukia wote.

Kinachoniuma mimi zaidi ni kile kikapu. Alama ulizo nazo zilikusanywa kutoka kwenye matokeo ya mfumo wa zamani. Algoritimu mpya ikileta makala nzuri ambayo hakuna aliyewahi kuiona, inapewa sifuri, na unaambiwa mfumo mpya ni mbaya. Kuligundua ni rahisi: katika matokeo kumi ya juu ya kila mfumo, hesabu ni mangapi hayana alama kabisa. Kama zamani ni moja na mpya ni manne, usilinganishe nDCG kabla hujawarudishia waamuzi hayo manne.

Kisha kuna kutojua haja. Mpe mwamuzi neno "paa" peke yake. Atakupa alama za juu kwa mabati na vigae, au kwa mnyama wa porini, kutegemea alichowaza asubuhi ile. Aliyeandika neno hilo anajua anachotaka, mwamuzi anabahatisha. Hapa mibofyo inamshinda mwamuzi waziwazi, kwa sababu inaonyesha mgawanyo: wengi wanataka hiki, wachache kile, na orodha nzuri inawapa wote nafasi.

Turudi basi kwenye mkutano wetu. Kazi niliyowaomba watu waifanye kabla ya kubishana ni ya mikono: chukueni tafutizi hamsini ambako waamuzi na mibofyo wametofautiana zaidi, mzifungue moja moja, muandike kando sababu. Inachukua siku moja. Nyingi zitakuwa za aina ya nenosiri: makala sahihi imepanda, nenda-rudi imekwisha. Hizo zinaruhusu kuitoa algoritimu mpya hata kama chati ya mibofyo inaelekea chini.

Lakini humo ndani kutakuwa na moja kama "msimbo haujafika". Waamuzi wameipa orodha mpya alama ya juu kabisa, kwa sababu ya kwanza ni makala ndefu na nzuri inayoeleza misimbo ya uthibitisho inavyotumwa. Watumiaji wanaibofya, wanarudi ndani ya sekunde nane, wanaandika upya. Orodha ya zamani ilikuwa na tangazo fupi juu kabisa, la hitilafu ya kutuma ujumbe, na waamuzi walilipa 0. Ukitazama tarehe unaelewa: waamuzi walifanya kazi yao mwezi uliopita, siku ambayo mitambo ilikuwa mizima na tangazo lilikuwa takataka. Wiki ya jaribio mitambo ilikuwa chini, na tangazo lilikuwa ndilo jibu. Mwamuzi alikuwa sahihi siku yake, mbofyo ulikuwa sahihi siku yake. Kilichofanyika ni kuongeza tarehe kwenye kila alama, na kuziondoa kwenye nDCG makala zote za matangazo ya hitilafu, zipimwe kwa jaribio la moja kwa moja peke yake.